UZI: Vichupa vya homoni vilivyobeba magonjwa mawili ya ubongo bila kirusi hata kimoja

Kigoda Tatu

Wakuu, salaam. Kwenye ule uzi wa wazee na usahaulifu kuna mtu aliuliza kama Alzheimer inaambukiza, akachekwa mpaka akafuta bandiko lake. Hakustahili. Jibu fupi ni hapana, huupati kwa kumuuguza mgonjwa wala kwa kula naye. Jibu refu linapitia kwa watoto wa Uingereza, na ndilo lililonileta.

Kati ya 1959 na 1985 watoto 1,848 huko Uingereza, waliokuwa hawakui kwa kukosa homoni ya ukuaji, walitibiwa kwa homoni iliyotolewa kwenye maiti. Hakukuwa na njia nyingine, maana homoni ya ng'ombe au nguruwe haimfanyi binadamu akue. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo isiyofika uzito wa gramu moja, inaitwa pituitari. Mochwari zilizitoa, zikakusanywa kwa maelfu, zikasagwa pamoja, homoni ikachujwa na kutiwa kwenye vichupa. Mtoto alidungwa mara kadhaa kwa wiki, miaka nenda miaka rudi. Fikiria kidogo: tezi moja tu yenye kasoro ikiingia kwenye mkupuo wa maelfu, kila anayedungwa kutoka mkupuo ule anaonjeshwa.

Mwaka 1985 ikagundulika kuwa vijana waliotibiwa hivyo, Marekani na Uingereza, wanakufa kwa CJD, yaani ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob, ambao kwa kawaida huwapata watu wa miaka sitini hivi. Ubongo unatoboka-toboka, mtu anapoteza mwendo, kumbukumbu na maneno, anakufa. Miradi ikafungwa mwaka huohuo. Uingereza peke yake wamekufa takriban 80, wengine zaidi ya miaka thelathini baada ya sindano.

Ndani ya vichupa kulikuwa na protini. Si kirusi, si bakteria, protini tu. Kila mmoja wetu anayo protini iitwayo PrP, imening'inia juu ya seli za neva na haimdhuru mtu. Mara chache sana hutokea PrP moja ikakunjika vibaya. Badala ya umbo lake la kawaida inalala bapa, na PrP nyingine bapa zinakaa juu yake, moja juu ya moja, kila moja umbali wa nusu nanomita hivi kutoka kwa mwenzake, mpaka unapatikana unyuzi. Patamu ni kwenye ncha ya unyuzi. PrP nzima inayopita pale ikinasa, inalazimika kufuata mkunjo wa ile iliyotangulia, na ikishakunjika inakuwa yenyewe ndiyo ncha mpya ya kumnasa anayefuata. Hakuna kinachoongezwa wala kukatwa kwenye protini. Asidi amino ni zilezile, kwa mpangilio uleule. Kilichobadilika ni mkunjo, na mkunjo ndio unaorithishwa.

Halafu unyuzi ukivunjika, ncha mbili zinakuwa nne. Ukivunjika tena, nane. Ndiyo maana mgonjwa anakaa miaka mingi hana dalili yoyote, kisha anaporomoka ndani ya miezi.

Sasa ugonjwa wa pili. Mwaka 2015 watafiti wa London walichunguza bongo za watu wanane kati ya waliokufa kwa CJD ya homoni, wenye umri wa miaka 36 hadi 51. Wanne walikuwa na marundo makubwa ya beta-amiloidi, ile protini ya Alzheimer, kwenye ubongo na kwenye kuta za mishipa ya damu. Kwa umri ule hayatarajiwi, na hawakuwa na jeni zinazoleta Alzheimer mapema. Wagonjwa wengine wa prioni, yaani protini iliyokunjika vibaya inayowageuza wenzake, ambao hawakudungwa homoni, zaidi ya mia moja, hawakuwa na hali hiyo. Yaani katika vichupa vilevile ilionekana kama mbegu ya pili nayo ilisafiri.

Karibuni. Wale wa "nakaa mbele kusubiri wataalamu" naomba wakae nyuma leo.

Mla Pweza

Mkuu hii kitu naijua vizuri. Kule kwetu mbwa mmoja aling'ata watu watatu, mmoja akafa anaogopa maji. Kwa hiyo na hiyo nayo ni protini?

Kigoda Tatu

Mla Pweza, hicho ni kichaa cha mbwa, kile ni kirusi kabisa na kina chanjo. Ukiumwa na mbwa osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, ukimbie hospitali siku hiyohiyo. Unachochanganya nacho labda ni kichaa cha ng'ombe.

Fundi Saa

Nimesoma. Lakini mbona hili si geni kwetu? Selimundu ni hivyohivyo. Hemoglobini moja ina kasoro, zinashikana, zinajipanga kuwa nyuzi ndefu ndani ya chembe nyekundu, chembe inapinda kama mundu. Hata muda wa kusubiri upo: zinakaa kwanza bila kufanya kitu, halafu ghafla zote zinashikana. Kwa hiyo selimundu ni prioni ya damu. Mnatutisha kwa majina mapya tu.

Kigoda Tatu

Fundi, nusu ya kwanza umepatia barabara, na kwa kweli watu wa fizikia ya amiloidi, yaani nyuzi za protini za namna hii, walijifunza mengi kutoka kwa hesabu za selimundu. Ule muda wa kusubiri ni uleule: kuanzisha unyuzi ni kazi ngumu, kuurefusha ni rahisi. Mpaka kipande cha kwanza kipatikane, hakuna kinachoonekana.

Lakini tazama kinachofuata. Hemoglobini ya selimundu inapopoteza oksijeni inajiunga na unyuzi ikiwa na umbo lake lilelile la kutokuwa na oksijeni. Damu ikifika kwenye mapafu, oksijeni inaingia, nyuzi zinayeyuka, kila hemoglobini inarudi ilivyokuwa. Unyuzi haukumfundisha mtu kitu. Na damu ya mwenye selimundu ukimwekea mtu mwenye hemoglobini ya kawaida, hemoglobini yake haigeuki. Kasoro imeandikwa kwenye jeni, haitoki hapo.

PrP ni kinyume. Waliokufa kwa homoni jeni yao ya PrP haikuwa na hitilafu. Protini yao nzima iligeuzwa na ya mgeni. Na ikishageuzwa hairudi, hakuna mapafu ya kuiyeyusha.

Fundi Saa

Sawa, lakini bado unaniomba niamini protini inazaliana bila DNA. Huenda kulikuwa na kirusi kidogo sana ambacho hawakukiona. Wazungu wamewahi kukosea.

Sista Bahati

Hilo swali waliuliza wao wenyewe kabla yako, kaka. Miaka ya sitini Tikvah Alper, mwanafizikia mzaliwa wa Afrika Kusini, alikichoma kwa mionzi kisababishi cha skrepi, ule ugonjwa wa kondoo wa aina hii. Mionzi inayotosha kukata DNA ya kirusi chochote haikukifanya kitu. Mwaka 1967 J. S. Griffith akaandika njia ambazo protini peke yake ingeweza kujieneza, na mwaka 1982 Stanley Prusiner akatoa jina la prioni. Alibezwa sana kabla ya kupewa Nobeli mwaka 1997.

Lakini mimi kilichonimaliza ni panya wa 1993. Waliondolewa jeni ya PrP kabisa, wakadungwa skrepi kwenye ubongo. Hawakuugua. Kama kingekuwa kirusi kinachojizalisha chenyewe, kingezaliana tu. Hakikuwa na PrP ya kugeuza, basi hadithi ikaishia pale.

Fundi Saa

Au PrP ndiyo mlango wa hicho kirusi kuingilia kwenye seli. Mlango haupo, hakiingii.

Kigoda Tatu

Hoja hiyo ni ya kweli na ilisimama miaka kadhaa. Kilichoidhoofisha ni maabara kutengeneza prioni kwa PrP iliyozalishwa na bakteria, bila kipande chochote cha mnyama mgonjwa, kisha panya wakaugua. Wapo wachache ambao hawajaridhika mpaka leo, kwa hiyo hutokuwa peke yako.

Sista Bahati

Kazi yangu ni chumba cha kuandaa vifaa vya upasuaji, kwa hiyo kinachonikosesha usingizi si nadharia. Zurich, Uswisi, miaka ya sabini, elektrodi ndefu nyembamba za kupima umeme wa ubongo zilitumika kwa mgonjwa ambaye baadaye ilijulikana ana CJD. Zikasafishwa, zikalowekwa kwenye spiriti ya asilimia 70, zikafukizwa kwa mvuke wa fomaldehaidi. Kwa bakteria na virusi hiyo ni kazi safi. Zikatumika kwa vijana wawili wenye kifafa. Wote wawili wakapata CJD. Elektrodi moja baadaye ikawekwa kwenye ubongo wa sokwe mtu, ikiwa imeshasafishwa mara kadhaa na kukaa zaidi ya miaka miwili. Naye akaugua.

Spiriti na fomalini hazikunjui unyuzi. Fomalini ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu inaunganisha protini na kuiimarisha. Miongozo inataka otoklevu, mashine ya mvuke wa shinikizo, ya nyuzijoto 134 kwa dakika 18, au kuloweka kwenye soda kaustiki kali saa nzima, na kamwe kifaa kisiachwe kikauke na damu, maana protini iliyokaukia kwenye chuma hushika kama imechomelewa. Mahali nilipowahi kufanya kazi tulikuwa na otoklevu inayofika 121 tu, na hakuna aliyeona shida. Kwa vidudu vya kawaida kweli haikuwa shida.

mama Zuhura

Samahani mimi si mtaalamu. Mama yangu ana miaka 78, ana usahaulifu mwaka wa tatu sasa, daktari amesema ni Alzheimer. Mimi ndiye namwogesha, namlisha, tunakula sahani moja. Mawifi zangu wameanza kutenga vikombe vyake. Leo nasoma hapa inasambaa kwa sindano. Naomba mniambie ukweli, nina watoto wadogo nyumbani.

Kigoda Tatu

Mama Zuhura, pole kwa kuuguza. Vikombe virudishwe kabatini. Wale watoto walidungwa mwilini, mara nyingi kila mwezi kwa miaka, kitu kilichotengenezwa kwa tezi za maelfu ya watu zilizokaa chini kabisa ya ubongo. Hakuna mate, jasho, choo wala mkojo katika habari hii. Hakuna ushahidi kwamba wanandoa na wauguzi wa watu wa Alzheimer wanaupata kwa kuuguza. Mwogeshe mama, kula naye.

Sista Bahati

Na mimi naongeza, dada: miaka mitatu polepole ndiyo mwendo wa Alzheimer. CJD ingekuwa imeshamaliza kazi ndani ya mwaka, mara nyingi miezi minne mpaka sita. Madaktari wanatofautisha kwa kasi hiyo kwanza kabla hata ya kipimo.

mama Zuhura

Asanteni. Hilo bandiko nitawaonyesha.

Mtu wa Leicester

Habari zenu ndugu. Nafanya kazi maabara huku, na moja ya mashine zangu inatumia ncha ya unyuzi mnayoijadili kama kipimo. Inaitwa RT-QuIC. Unachukua maji ya uti wa mgongo wa mgonjwa, matone machache, unayatia kwenye vishimo vya sahani ya plastiki vyenye PrP nzima iliyozalishwa na bakteria, pamoja na rangi iitwayo thioflavini T. Rangi hiyo ikikutana na nyuzi za amiloidi inang'aa, vinginevyo imefifia. Mashine inaitikisa sahani dakika moja, inaiacha dakika moja, usiku kucha, huku inasoma mwanga kila baada ya muda.

Kutikisa hakupo kwa ajili ya kuchanganya. Kunazivunja nyuzi, ncha zinaongezeka. Kama maji ya mgonjwa yana mbegu hata kidogo mno, mstari kwenye skrini unakaa bapa kwa saa kadhaa kisha unapanda kama ukuta. Asiye na CJD mstari wake unabaki chini.

Unabaki chini kwa muda, niseme ukweli. Ukiiacha sahani siku nyingi, hata kishimo kisicho na mbegu kitapanda chenyewe, kwa sababu PrP iliyotikiswa vya kutosha mwishowe inajikunja vibaya bila kufundishwa. Ndiyo maana kila maabara inaweka saa ya mwisho, na kinachopanda baada ya hapo hakihesabiwi. Pia tunaweka kila sampuli kwenye vishimo vinne. Kikipanda kimoja kati ya vinne tunarudia, hatumwiti mtu mgonjwa. Na damu ikiingia kwenye maji wakati wa kuchoma uti wa mgongo, inaweza kuzuia mbegu isionekane, tukamwambia mgonjwa hana wakati anayo. Tukiona maji mekundu tunaomba mengine.

Kigoda Tatu

Hapo umenisaidia, maana nilitaka kurudi kwenye vichupa. Mwaka 2018 walivipata baadhi ya vichupa vya zamani vya homoni kwenye hifadhi. Vile vilivyotengenezwa kwa njia moja ya uchujaji, iliyoitwa HWP, vilikuwa na beta-amiloidi mpaka leo. Vya njia nyingine haikuonekana. Na waliopata CJD Uingereza ni wale waliopitia HWP. Wakawadunga panya walioandaliwa kuwa na beta-amiloidi ya kibinadamu, na baada ya miezi panya wakaota marundo kwenye ubongo na kwenye mishipa. Panya waliodungwa homoni ya kisasa, inayotengenezwa na bakteria, hawakuota.

Kwa hiyo mbegu ilikaa chupani miongo na haikupoteza mkunjo. Hapo ndipo naona ndugu wawili hawa, PrP na beta-amiloidi, wana tabia moja.

Fundi Saa

Tabia moja, ugonjwa mmoja? Kuwa na marundo si kuwa na Alzheimer. Hao wanne wa 2015 walikufa kwa CJD, hatujui wangekuwaje.

Kigoda Tatu

Hapo nakuunga mkono. Tena kwenye bongo zile hapakuwa na tau, protini ya pili ya Alzheimer, iliyojikunja kwa namna ya ugonjwa huo, na ugonjwa kamili unahitaji vyote viwili. Mwaka 2024 ndipo timu ileile ilipotoa habari za watu wanane waliodungwa homoni ile lakini hawakupata CJD. Watano walikuwa na dalili za usahaulifu zilizoanza kati ya miaka 38 na 55, na watafiti wanaamini ni Alzheimer iliyotokana na vichupa.

Mtu wa Leicester

Hapa kazini hatukubaliani kuhusu karatasi hiyo. Watu wanane ni wachache. Na watoto waliokosa homoni ya ukuaji, baadhi yao walikuwa na uvimbe kwenye ubongo na kupigwa mionzi, mambo ambayo yenyewe yanadhoofisha akili ukubwani. Mimi naamini mbegu ilihama, ushahidi wa panya ni mzito. Kwamba kilichowapata ni Alzheimer ileile anayoipata bibi wa miaka 78, hapo bado nasita.

Bwana Mifugo Njombe

Mmeniacha nyuma. Sisi wa mifugo tunauliza: ng'ombe?

Kigoda Tatu

Kichaa cha ng'ombe kiligunduliwa Uingereza mwaka 1986. Walikuwa wanawalisha ng'ombe unga wa nyama na mifupa uliotokana na ng'ombe wenzao, na joto la kiwandani halikutosha kuvunja nyuzi. Kinachohusu uzi huu ni kwamba mkunjo wa ng'ombe uliweza kuigeuza PrP ya binadamu, lakini kwa shida. Mamilioni walikula, Uingereza wamekufa 178. Protini ya mnyama mmoja ikitofautiana asidi amino chache na ya mwingine, haikai vizuri juu ya ncha. Na karibu wote waliougua walikuwa na aina moja ya PrP, yenye asidi amino iitwayo methionini kwenye nafasi ya 129, iliyorithiwa kwa baba na kwa mama pia.

Kwa Afrika, mwaka 2018 prioni ilithibitishwa kwa ngamia watatu waliofika machinjioni Ouargla, Algeria, wakiwa na dalili. Haijaonekana kuingia kwa binadamu.

Bwana Mifugo Njombe

Ngamia! Wafugaji wa kule kaskazini mwa Kenya wanajua?

Mtu wa Leicester

Sina jibu la hilo. Ila niulize langu. Kaka yangu aliishi London kuanzia 1988 hadi 1994, sasa yuko Minnesota. Miaka yote akienda kutoa damu walimkataa kwa sababu ya kichaa cha ng'ombe, akaona wanambagua tu. Lilikuwa na msingi?

Sista Bahati

Lilikuwa nao. Uingereza walipata watu walioambukizwa kwa kuongezewa damu ya mtu aliyekuwa amebeba ugonjwa bila dalili, wa kwanza alitangazwa 2004. Damu ya mtu haina kizuizi cha mnyama kwa mnyama, ni PrP ya binadamu kwa binadamu. Kwa hiyo Marekani iliwazuia waliokaa Uingereza miezi mitatu au zaidi kati ya 1980 na 1996. Zuio hilo liliondolewa 2022. Mwambie kaka arudi kituoni aulize, na kama jina lake bado limefungiwa kwenye kompyuta yao, aombe wapitie faili upya, maana vituo vingi havifungui vyenyewe mpaka mwenyewe aseme.

Mla Pweza

Kwa hiyo supu ya ubongo wa mbuzi bado ruksa au?

Sista Bahati

Skrepi ya kondoo na mbuzi inajulikana Ulaya kwa zaidi ya miaka 200 na haijaonekana kumpata mlaji. Kula, Mla Pweza. Lakini mbwa akikung'ata usije hapa kwanza.